Kutoka slaidi za semina elekezi hadi mwongozo wa wiki ya kwanza ughaibuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na watu wanaoandaa wanafunzi wanaokwenda kusoma nje: maofisa wa vyuo, viongozi wa jumuiya za wanafunzi, na mara nyingine mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekabidhiwa faili la slaidi na kuambiwa alifanye "kitu cha kusomeka". Nimejibu kwa kirefu pale ambapo nimeona watu wakikwama, na kwa kifupi pale ambapo jambo halina mzunguko.

Slaidi tayari zipo na ni nzuri. Kwa nini nisiwatumie hizohizo?

Kwa sababu slaidi ziliandikwa ili mtu asimame mbele yake na kuzieleza. Kilicho kwenye slaidi ni nusu ya maneno, na nusu nyingine ilibaki kinywani mwa msemaji. Slaidi inasema "Jiandikishe mapema", ukumbini mtu akaeleza wapi, kwa karatasi gani na kabla ya siku gani. Wiki sita baadaye mwanafunzi yuko chumbani peke yake, anafungua faili kwenye simu na kukuta "Jiandikishe mapema".

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Slaidi hupangwa kwa kufuata idara zilizopewa zamu ya kuzungumza. Kwanza uhamiaji, halafu fedha, halafu makazi, afya, usalama, taaluma, na mwisho maisha ya kijamii. Mpangilio huo unawafaa wasemaji. Mwanafunzi aliyeshuka kwenye ndege haishi kwa idara. Anaishi saa kwa saa, na jambo moja la makazi linaweza kuwa ndilo ufunguo wa jambo la benki lililoandikwa slaidi 20 mbele. Kazi yako hasa ni kuvunja mpangilio wa idara na kujenga mpangilio wa siku. Kufupisha, kupamba na kuchagua rangi ni mambo ya baadaye.

Naanzia wapi hasa?

Anza kwa kuyatoa maneno yote kwenye slaidi na kuyaweka kwenye waraka mmoja wa kawaida, pamoja na maelezo ya msemaji yaliyoandikwa chini ya kila slaidi. Mara nyingi maelezo hayo ndiyo dhahabu yenyewe.

Hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Ukitumia PowerPoint na kufungua `View > Outline View`, utaona maandishi yakiwa yamepangwa vizuri upande wa kushoto, na utashawishika kuyanakili yote kwa mkupuo. Lakini mwonekano huo huonyesha tu maandishi yaliyowekwa kwenye nafasi rasmi za kichwa na mwili wa slaidi. Maandishi yaliyochapwa ndani ya visanduku vilivyochorwa pembeni hayatokei hapo, wala yaliyomo ndani ya picha. Sasa fikiria ni vitu gani watu hupenda kuviweka kwenye kisanduku cha pembeni chenye rangi nyekundu: namba ya simu ya dharura, tarehe ya mwisho, onyo. Yaani yale muhimu kuliko yote ndiyo yanayopotea kimyakimya. Baada ya kunakili, pitia slaidi moja baada ya nyingine kwa macho yako na uhakikishe kila neno limefika.

Kisha tafuta kilichosemwa lakini hakikuandikwa. Kama semina ilirekodiwa, sikiliza sehemu ya maswali kutoka ukumbini. Kama haikurekodiwa, kaa na msemaji wa kila idara nusu saa, umuulize jambo moja: "Wiki ya kwanza wanakupigia simu kuuliza nini?" Majibu yake yaandike kwa maneno yaleyale ya wanafunzi.

Nitajuaje kipi kiingie na kipi kibaki nje?

Chukua kila sentensi uliyoitoa na uiulize maswali mawili. Je, kuna tendo ambalo mwanafunzi atalifanya kwa mkono wake ndani ya siku 7 tangu kufika? Na je, akilichelewesha hadi wiki ya pili, kuna kitakachoharibika? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, linaingia. Likiwa ndiyo kwa moja, linastahili mstari mmoja. Likiwa hapana kwa yote mawili, litoe, hata kama msemaji wake ni mkubwa wa ofisi.

Yaliyotolewa hayatupwi. Yagawe kwenye marundo mawili. Rundo la kwanza ni mambo ambayo yamekwisha kupita kabla ya kupanda ndege: kuthibitisha vyeti, kubeba dawa zikiwa kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari, kulipia bima. Hayo yapeleke kwenye karatasi ya kabla ya safari. Rundo la pili ni ya mwezi wa kwanza na kuendelea: kanuni za udanganyifu katika mitihani, ruhusa ya kufanya kazi, kuhuisha kibali. Hayo yanaweza kutumwa baadaye, kila moja kwa wakati wake.

Slaidi za kwanza nilizowahi kufanyia kazi zilikuwa 58. Baada ya maswali hayo mawili, zilizobaki na kitu cha kuingia kwenye mwongozo zilikuwa 14. Niliogopa kwamba nimekata mno. Lakini nilipozisoma zile 44 nyingine, zilikuwa historia ya chuo, picha za majengo, salamu za viongozi na mambo ya muhula mzima.

Nipange kwa mada au kwa siku?

Kwa siku, na ndani ya siku upange kwa kutegemeana. Hili ndilo swali ninalotaka ulishike kuliko mengine, kwa hiyo nitalifungua kwa mfano mmoja mzima.

Tuchukue wanafunzi wanaokwenda Ujerumani. Katika slaidi za kawaida utakuta mambo haya yametawanyika: idara ya fedha inasema ufungue akaunti ya benki, idara ya uhamiaji inasema ujiandikishe makazi, idara ya makazi inasema usaini mkataba wa pango. Kila moja ni kweli. Lakini ukiyasoma kama orodha, mwanafunzi ataanza na lile linalomwasha zaidi, yaani pesa, naye ataenda benki siku ya pili na kurudi mikono mitupu.

Mnyororo wenyewe uko hivi. Sheria inamtaka aliyehamia kwenye makazi ajiandikishe katika ofisi ya manispaa ndani ya wiki mbili. Ili aandikishwe, anahitaji pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba ikithibitisha kwamba amehamia hapo. Akishaandikishwa anapewa cheti, na baadhi ya benki humtaka aje na cheti hicho ndipo zimfungulie akaunti ya kawaida. Akishakuwa na akaunti ya kawaida, ndipo fedha zake za kujikimu zilizo kwenye ile akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo wengi huifungua kwa ajili ya viza, zinapoanza kuingia kila mwezi. Kwa hiyo mwanafunzi anayelalamika kwamba hana pesa anaweza kuwa amekwama viungo vitatu nyuma, kwenye saini ya mwenye nyumba.

Ukishauona mnyororo huo, mwongozo unajiandika wenyewe. Siku ya kwanza, anapokabidhiwa funguo, aombe ile fomu ya mwenye nyumba papo hapo kabla hawajaachana. Siku hiyohiyo aandike jina lake kwenye kisanduku cha barua, maana huko barua hufikishwa kwa jina lililo kwenye kisanduku. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na kadi ya benki na namba yake ya siri huja kwa barua. Siku ya pili, au siku ya kwanza ya kazi, aangalie miadi ya ofisi ya manispaa. Miadi ikiwa mbali kuliko wiki mbili, achukue iliyo karibu kuliko zote na ahifadhi uthibitisho wa lini aliiomba. Benki inakuja baada ya hapo.

Mnyororo huo pia unakuonyesha mashimo ambayo slaidi hazikuyaona. La kwanza: anayefikia hoteli au nyumba ya wageni kwa wiki mbili za mwanzo mara nyingi hapati ile fomu, kwa hiyo mnyororo wote unasimama hadi apate makazi ya kudumu. Yeye anahitaji aya yake peke yake kwenye mwongozo. La pili: kwa kuwa fedha zilizozuiwa zinaweza kuchukua wiki kadhaa kufunguka, lazima awe na fedha nyingine za kumfikisha huko. Hilo si jambo la wiki ya kwanza tena. Linatakiwa kurudi nyuma kwenye karatasi ya kabla ya safari. Utaona mara nyingi kwamba kuandika wiki ya kwanza kunasahihisha yale yaliyoandikwa kwa ajili ya kabla yake.

Kwa nchi nyingine viungo vitakuwa tofauti, lakini njia ya kuvipata ni ileile. Andika kila tendo kwenye kikaratasi chake. Chini yake andika kitu gani lazima kiwe mkononi ili tendo hilo lifanyike, na kitu gani kinapatikana likishafanyika. Kisha panga vikaratasi mezani, kila kinachotoa kitu kitangulie kinachokihitaji. Kikaratasi kinachotangulia vingi ndicho siku ya kwanza.

Niandike "Jumatatu, Jumanne" au "siku ya 1, siku ya 2"?

Namba, kwa sababu wanafunzi hawafiki siku moja. Lakini namba peke yake hudanganya. Aliyetua Jumamosi jioni akisoma "siku ya 2: nenda ofisi ya manispaa" atakuta mlango umefungwa, na kwa Ujerumani hata maduka mengi hufungwa Jumapili. Kwa hiyo weka kisanduku kifupi mwanzoni: "Ukifika Ijumaa jioni au Jumamosi, soma hapa kwanza." Humo mweleze anunue nini kabla ya maduka kufungwa, na kwamba hesabu ya shughuli za ofisi inaanza siku ya kwanza ya kazi.

Muda wa kisheria niuandikeje? Slaidi zinasema "ndani ya siku 14" na wanafunzi bado wanachelewa.

Kwa sababu slaidi hazisemi siku 14 tangu lini. Kila muda wa kisheria una saa yake ya kuanzia, na ndipo watu wanapokosea. Ujerumani hesabu inaanza siku aliyohamia kwenye makazi. Japani pia ni siku 14, tangu alipopata mahali pa kuishi. Italia, ombi la kibali cha ukaazi linatakiwa ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini. Uchina, asiyekaa hotelini anatakiwa kuripoti polisi makazi yake ndani ya saa 24 tangu kufika, na muda huo umekwisha kabla hata hajazoea kitanda. Ufaransa, mwenye viza ya muda mrefu inayotumika kama kibali ana miezi 3 ya kuithibitisha mtandaoni.

Hivyo kila muda uandike kwa vipande vitatu katika sentensi moja: hesabu inaanza lini, inaisha lini, na ushahidi gani unabaki mkononi ukishamaliza. Mfano: "Hesabu inaanza siku uliyopewa funguo. Inaisha siku 14 baadaye. Ukimaliza utakuwa na cheti chenye anwani yako. Kipige picha kabla hujatoka ofisini." Kisha acha nafasi tupu ajaze tarehe zake mwenyewe: "Nilipewa funguo tarehe ____. Mwisho wangu ni tarehe ____." Mwanafunzi akishaandika tarehe yake kwa mkono, muda huo unakuwa wake.

Kuhusu uhamiaji, sheria hubadilika na hali za watu hutofautiana. Andika muda, taja ofisi rasmi inayohusika, weka tarehe uliyohakiki. Usijaribu kutafsiri sheria kwa kesi ya mtu mmojammoja kwenye mwongozo wa wote.

Saa 24 za kwanza zibebe nini?

Machache mno. Aliyevuka kanda kadhaa za saa ana mwili unaodhani ni usiku wa manane wakati benki zinafunguliwa. Kwa makadirio ya kawaida mwili hujirekebisha kama saa moja kwa siku, na safari ya kuelekea mashariki huwa ngumu zaidi kuliko ya magharibi. Aliyevuka kanda saba anaweza kumaliza wiki nzima hajakaa sawa. Kwa hiyo siku ya kwanza usimpangie kusoma wala kusaini kitu ambacho akikosea kitamgharimu. Mkataba ukiletwa siku hiyo, mwongozo umwambie aombe kuusoma kesho yake.

Ukiacha yale ya kwanza ya mnyororo, kama ile fomu ya mwenye nyumba na jina kwenye kisanduku cha barua, mimi huweka mambo manne tu: kuingia chumbani na kupiga picha kila kasoro ya ukuta, kitasa na godoro kabla ya kufungua begi, kuunganisha intaneti na kuwapa taarifa nyumbani, kula na kunywa maji, kulala usiku wa kule. Zile picha za kasoro zinaonekana ndogo, lakini ndizo zitakazomtetea siku ya kudai amana yake ya pango.

Kwenye intaneti kuna jambo ambalo karibu slaidi zote nilizoziona zimelikosa. Zinasema "nunua laini ya simu ya huko". Mwanafunzi anatii, anaitoa laini ya nyumbani na kuitia mpya. Jioni anataka kulipa kwa kadi ya benki yake ya nyumbani, na benki inatuma namba ya siri ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ile aliyoitoa. Kama ameiweka kwenye bahasha, ana bahati. Kama aliitupa, au ilifungwa kwa kutotumika, fedha zake ziko mbele ya macho yake na hawezi kuzigusa. Kwa hiyo sentensi ya mwongozo isomeke: "Nunua laini ya huku, lakini laini ya nyumbani ibaki hai ndani ya simu na iweze kupokea ujumbe ukiwa nje ya nchi, mpaka ubadilishe namba kwenye benki yako." Na kwenye karatasi ya kabla ya safari: ajaribu kupokea ujumbe wa benki na kuhakikisha huduma ya kutumia laini nje ya nchi imewashwa.

Ile slaidi yenye mchoro wa mshtuko wa utamaduni niiweke?

Unaujua mchoro huo: mstari unaanza juu kwa furaha, unashuka bondeni, halafu unapanda tena, kama herufi U. Wazo hilo lilitokana na kazi ya Sverre Lysgaard, mtafiti wa Norwe, ambaye mwaka 1955 aliandika kuhusu Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Limenakiliwa tangu hapo hadi likaonekana kama sheria ya maumbile.

Ushauri wangu ni kutoliweka kwenye mwongozo wa wiki ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda Nyuzilandi, ukiwapima tangu walipofika na tena baada ya miezi, na ukaona kwamba shida za kuzoea na huzuni vilikuwa vikali zaidi mwanzoni kabisa, palepale ambapo mchoro unasema pana furaha. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyelia usiku wa tatu, akafungua mwongozo na kukuta kwamba wiki hii anatakiwa kuwa kwenye kilele cha furaha. Utakuwa umemwambia kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kasoro.

Badala ya mchoro, andika kinachoweza kumsaidia usiku huo: kwamba wengi huona siku za mwanzo ni ngumu kuliko walivyotazamia, kwamba usingizi mbovu unazidisha kila kitu, na jina la cheo na namba ya mtu mmoja anayeweza kupigiwa saa hizo. Andika pia dalili zinazomtaka asisubiri: hajala siku mbili, hawezi kutoka chumbani, au ana mawazo ya kujidhuru. Hapo aende kwa daktari au apige namba ya dharura, na sentensi hiyo isichanganywe na nyingine.

Mambo ya ugonjwa na dharura niyaeleze kwa kina gani?

Nusu ukurasa, lakini uwe ukurasa wa kwanza. Makosa ya slaidi hapa ni kutoa namba bila kueleza ipi ni ya nini. Tukibaki na mfano wa Ujerumani: 112 ni ya gari la wagonjwa na zimamoto, na hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 110 ni ya polisi, na 116117 ni ya kumpata daktari wa zamu usiku au wikendi kwa ugonjwa usiotishia maisha. Mwanafunzi mwenye homa ya saa nane usiku anayejua 112 pekee ataona aibu kupiga, atanyamaza hadi asubuhi. Namba ya tatu ndiyo aliyoihitaji.

Chini ya namba weka anwani yake kamili, iliyoandikwa kwa herufi za nchi ile. Akiwa Japani, Uchina au nchi za Kiarabu, anwani ya herufi za Kilatini huenda isimsaidie dereva. Acha pia nafasi ya namba ya bima na tarehe inapoanza kufanya kazi. Tarehe hiyo ni muhimu, kwa kuwa bima nyingine huanza siku muhula unapoanza, wakati mwanafunzi amefika siku 10 kabla.

Nionyeshe slaidi moja ikigeuzwa.

Hii ni slaidi halisi kwa maneno yake, niliyoipokea mwaka mmoja uliopita:

"AFYA. Bima ya afya ni lazima. Hakikisha una bima halali. Jisajili kwa daktari. Beba nyaraka zote muhimu."

Na hivi ndivyo ilivyotoka kwenye mwongozo:

"Siku ya 3, asubuhi. Nenda dawati la usajili wa wanafunzi ukiwa na pasipoti, barua ya udahili na uthibitisho wa bima. Bila uthibitisho wa bima hutasajiliwa, na bila usajili hupati kitambulisho cha mwanafunzi. Kama bima yako ni ya nyumbani, waulize watu wa bima kabla ya siku hii kama inakubalika huku, na uombe jibu kwa maandishi. Ukikataliwa, usiondoke dawatini kabla ya kuuliza unatakiwa kuleta nini na mwisho ni lini. Umemaliza ukiwa na karatasi ya kuthibitisha usajili."

Maneno yameongezeka mara nne, na hilo halinisumbui. "Nyaraka zote muhimu" si maelekezo, kwa sababu mwanafunzi hajui zipi ni muhimu. Tazama pia sentensi ya mwisho. Kila tendo katika mwongozo lipe alama ya kumaliza, kitu cha kuonekana au kushikika. Bila hiyo wengine watadhani wamejisajili kwa kuwa tu walijaza fomu mtandaoni.

Urefu na umbo je?

Kurasa 6 hadi 8 za kusomeka kwenye simu zinatosha kwa nchi moja. Safu moja, herufi kubwa, bila majedwali mapana ya kuvutavuta kwa vidole. Faili liwe jepesi na lifunguke bila intaneti, maana atalihitaji zaidi uwanja wa ndege, kabla hajapata mtandao. Kiungo cha mtandaoni peke yake hakitoshi. Ukurasa wa dharura na anwani achapishe nakala ya karatasi aiweke kwenye pasipoti, kwa sababu simu huzima.

Faili lipe jina lenye nchi, muhula na tarehe. Ukiliita `mwongozo_mpya_final2` utajuta likianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Niandike kwa lugha gani?

Maelekezo yaandike kwa lugha ambayo mwanafunzi anaisoma bila kujikaza akiwa amechoka. Lakini jina la kila fomu, ofisi na kibao atakachokutana nacho linakili kama lilivyo kule, herufi kwa herufi, kando ya maelezo yako. Ukimtafsiria jina la fomu tu, atafika dirishani na neno ambalo karani hajawahi kulisikia.

Wanafunzi wangu wanakwenda nchi tano tofauti.

Andika miongozo mitano. Mifupa ni ile ile, yaani saa 24 za kwanza, dharura, picha za chumba, laini ya simu. Minyororo ya ofisi haifanani. Mwongozo mmoja wenye "katika baadhi ya nchi" kila aya haumwelekezi yeyote. Kama muda hautoshi, anza na nchi yenye muda mfupi kuliko zote wa kuripoti makazi.

Nitajuaje kama unafanya kazi kabla hawajaondoka?

Mpe mtu ambaye hakuwepo kwenye semina. Mpe simu, si kompyuta, na umuulize maswali matano kwa hali halisi: "Umefika Jumamosi saa mbili usiku, unafanya nini kesho?" "Benki imekukataa, ulikosa nini?" "Una homa usiku, unapiga namba gani?" "Siku yako ya mwisho ya kujiandikisha ni ipi kama ulipata funguo tarehe 3?" "Utajuaje kwamba usajili umekamilika?" Kaa kimya umtazame. Akitumia zaidi ya dakika moja kupata jibu, au akipata jibu lisilo sahihi, kosa ni la ukurasa. Usimweleze kwa mdomo. Rekebisha maandishi, kisha mpe mtu mwingine.

Halafu mpe mwanafunzi aliyekwisha kufika huko mwaka uliopita. Yeye muulize swali moja tu: "Ni wapi hapa ambapo mambo hayakwenda hivi?" Mimi swali hilo lilinionyesha kwamba ofisi niliyoielekeza ilikuwa imehamia jengo jingine na miadi yake sasa ilichukuliwa mtandaoni. Slaidi zilikuwa zimenakiliwa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kuliona kosa hilo.

Nani ausahihishe muhula ujao?

Kila kipande cha habari kiwe na mwenyewe. Pembeni ya namba ya simu, muda wa kisheria au jina la ofisi, andika kwa herufi ndogo cheo cha aliyekihakiki na tarehe. Wiki nne kabla ya kundi jipya kuondoka, watumie wahusika mistari yao tu, wala si mwongozo mzima, na uwaulize: bado ni kweli? Mtu hujibu haraka akitumiwa mistari mitatu. Akitumiwa kurasa nane ataahidi kuzisoma. Mstari ambao mwenyewe hakujibu usiuache ukae na tarehe ya zamani kana kwamba umehakikiwa. Uhakiki mwenyewe kwa kupiga simu ofisi husika, au uuondoe na kuweka mahali mwanafunzi anapoweza kuuliza.

Na zile slaidi ziendelee kutumika ukumbini. Badilisha moja tu: ya mwisho, yenye "Asanteni kwa kunisikiliza". Mahali pake weka ukurasa wa kwanza wa mwongozo, na uwape dakika tano waupakue, waujaze anwani na namba ya bima wakiwa bado wamekaa mbele yako. Wale ambao hawana anwani bado utawaona palepale, na hao ndio wa kuzungumza nao kabla hawajatoka mlangoni.